"Muuzaji anasema ni sumu inatoka, lakini macho ya mama yamekuwa ya njano"

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 56, tunaishi Korogwe. Magoti yamemsumbua miaka mingi. Mwezi uliopita alinunua stendi dawa ya asili ya kusafisha ini, figo na damu: chupa ya lita moja na nusu, pamoja na kopo la unga wa kuchanganya kwenye uji. Anakunywa kikombe cha kahawa asubuhi, mchana na jioni. Wiki mbili za kwanza magoti yalitulia kabisa, akanunua chupa ya pili.*

*Sasa ni wiki ya tano. Chakula kinamkinai, usiku anajikuna mwili mzima, mkojo umekuwa kama koka, na tangu Ijumaa macho ni ya njano. Miguu nayo imevimba kidogo. Nilimpigia muuzaji, akasema hiyo ni sumu inatoka, tusimkatishe, kwanza aongeze dozi. Mchana kutwa mama analala, usiku anazunguka ndani. Juzi aliweka chumvi kwenye chai badala ya sukari, tukacheka wote. Hospitali hataki, anasema wauguzi watamfokea.*

*Je, ni kweli sumu inatoka? Nimpe nini cha kusaidia ini? Mama mdogo naye anakunywa chupa hiyohiyo, yeye hana tatizo lolote.*

*Binti, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Usiku ule nilipokupigia niliongea harakaharaka, na wewe ulikuwa unatafuta bajaji, kwa hiyo mengi hayakusemwa. Sasa mama amelazwa na umeniruhusu kuichapisha barua yako bila jina, basi nikujibu kwa utulivu.

Kilichonifanya nishike simu si macho. Macho ya njano ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo, lakini barua za macho ya njano napata nyingi. Mimi niliogopa ile chumvi kwenye chai.

Chakula kinapomeng'enywa tumboni hubaki na amonia, na kazi ya kuiondoa kwenye damu ni ya ini. Ini likizidiwa, amonia na taka nyingine hufika kwenye ubongo. Watu hudhani dalili yake ni kupoteza fahamu. Kupoteza fahamu huja mwisho. Mwanzo ni mtu kuwa yule lakini si yule: usingizi unageuka, analala mchana na kukesha usiku, anafunga vifungo vya gauni kombo, anaacha sufuria jikoni mpaka inaungua, anaweka chumvi kwenye chai. Nyumbani watasema amechoka, au ni utu uzima, na nimesikia mara nyingi wakisema amechezewa. Toka hapo mpaka mtu asiyeamka inaweza kuwa siku moja au mbili. Macho ya njano yakiandamana na akili kuyumba, ini linashindwa kazi, na hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku.

Ndiyo maana nilikuambia umwambie anyooshe mikono mbele, akunje viganja kuelekea juu kama trafiki anayesimamisha gari, afumbe macho, akae hivyo kwa nusu dakika. Ukaniambia viganja vinaanguka na kujirudisha, vinaanguka na kujirudisha, kama kuku anayepiga mbawa taratibu. Hiyo tunaijua sana wodini. Ukikuta hivyo kwa mtu mwenye macho ya njano, usingoje asubuhi. Lakini viganja vikitulia usijipe matumaini. Akili iliyobadilika peke yake inatosha kumpeleka.

Sasa hili la sumu kutoka. Nimelisikia kwa wauzaji wengi mno, na naona ndilo neno linaloua kuliko hata mizizi yenyewe, maana linamfanya mgonjwa azidishe kile kinachomuumiza. Tazama njano inatoka wapi. Chembe nyekundu za damu huzeeka na kuvunjika kila siku, na katika kuvunjika hutoa rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini huichukua, huichanganya kwenye nyongo, nyongo hushuka kwenye utumbo, na humo ndimo kinyesi hupata rangi yake ya kahawia. Ini likiumia, njia hiyo huziba au hulegea. Rangi inarudi kwenye damu, inapaka macho na ngozi, inatorokea kwenye figo na kuufanya mkojo kuwa kama koka. Wakati huohuo kinyesi kinaweza kupauka kama udongo mkavu, kwa sababu rangi yake haikufika. Kuwashwa kwa mama nako kunaendana na nyongo iliyokwama, ndiyo maana hakukuwa na upele mpaka alipojikuna mwenyewe. Kwa hiyo muuzaji amelisema kinyume. Mama amepata njano kwa sababu taka imekosa pa kutokea.

Kwa wasomaji ambao hawana hakika kama macho ni ya njano kweli: mtazameni mgonjwa mlangoni, kwa mwanga wa jua. Taa ya ndani hudanganya. Sisi watu weusi wengi tuna rangi ya kahawia kidogo kwenye weupe wa jicho, hasa sehemu inayopigwa na jua na vumbi, na hiyo si ugonjwa. Mwambie aangalie chini, inua kope la juu, utazame sehemu iliyojificha. Kisha afungue mdomo anyanyue ulimi, utazame chini yake. Njano ya ini inafika mpaka huko. Mkojo nao una siri yake. Aliyekosa maji mwilini hukojoa mkojo mzito, lakini akinywa maji unapauka baada ya saa chache. Wenye nyongo haupauki hata anywe ndoo, na ukiutikisa kwenye chupa povu lake ni la njano.

Nirudi kwenye magoti, maana kuna kitu ulikiandika ukapita haraka. Magoti ya miaka mingi yalitulia kabisa ndani ya wiki mbili. Daktari akisikia hivyo hafurahi, anashtuka. Mzizi unaweza kupunguza maumivu, sikatai. Lakini dawa ya asili inayofuta maumivu ya viungo kwa kasi hiyo mara nyingi imechanganywa na vidonge vya dukani vilivyosagwa. Katika nchi nyingi, vyombo vya kudhibiti dawa vimekuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni asilia tupu. Diklofenaki peke yake, hata ile ya famasi, inaweza kuumiza ini kwa baadhi ya watu na kuzibana figo kwa wengi zaidi, hasa wenye presha, wenye umri mkubwa na walioharisha au kutapika. Mnywaji hajui anatumia kiasi gani, na pengine anaongeza na vidonge vyake vya kawaida vya maumivu juu yake. Nilipokuuliza ukasema ndiyo, mama alikuwa akimeza vidonge viwili vya maumivu kila jioni.

Deksamethasoni ina hila yake. Mtu akiitumia wiki kadhaa, tezi zake zilizo juu ya figo hulala, zinaacha kutengeneza homoni ya mwili wenyewe inayofanana na dawa hiyo. Siku akiacha ghafla, presha inaweza kuanguka, akatapika, akalegea, akazimia. Uso uliojaa ghafla ukawa mviringo, hamu ya kula iliyopanda katika wiki za mwanzo, usingizi kukimbia: hizo ni dalili za kuikisia. Simaanishi kwamba mama aendelee na chupa. Chupa inaachwa leo. Maana yangu ni kwamba inaachwa mikononi mwa daktari aliyeambiwa, ili akiona presha inashuka ajue pa kutazama.

Hapo ndipo lilipo suala la kumfokea. Nakubali kwamba wapo wanaofoka. Nimewaona, na ujana wangu nami niliwahi kuwa mmoja wao, mpaka nilipopata somo. Tulimlaza mzee wa miaka 60 hivi, amevimba uso, anapumua kwa tabu, ana kwikwi isiyokatika. Kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, ilikuwa zaidi ya 900, wakati ya kawaida kwa mtu mzima huwa kati ya 60 na 110 hivi. Nikamuuliza kwa ukali kama alikunywa dawa za kienyeji. Akasema hapana. Siku tatu tulitafuta sababu kwenye presha, kwenye kibofu, kwenye tezi dume. Siku ya tatu jioni binti yake alingoja nimalize raundi, akanifuata koridoni, akafungua pindo la khanga na kutoa kichupa cha plastiki chenye maji meusi. Mzee alikuwa anaendelea kukinywa kitandani, usiku, taa zikizimwa. Alikuwa anataka kupona haraka aondoke.

Tangu siku hiyo siulizi tena "umekunywa dawa za kienyeji?" Nauliza: "Kabla ya kuja hapa, umeshajaribu nini?" Na nyinyi ndugu mnaoleta wagonjwa, msingoje kuulizwa. Semeni mlangoni, mtu wa kwanza mwenye koti: amekunywa dawa hii, tangu tarehe hii, kiasi hiki, mara ngapi kwa siku, mara ya mwisho saa ngapi. Nendeni na chupa, kopo, karatasi ya maelekezo, hata mzizi uliobaki. Orodhesheni na vidonge vingine vyote, vikiwamo vya maumivu. Akikufokea, mwache afoke huku anaandika.

Figo za mzee yule zilinifundisha jambo la pili. Ini hupiga kelele: linakupa njano, mwasho, kichefuchefu. Figo hukaa kimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na bado analima. Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa kwa makosa na wa mmea wa jamii ya aristolokia, majina yao ya Kichina yakiwa yamefanana. Zaidi ya wanawake mia moja waliumia figo. Wengi walifikia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. Hawakuwa na njano wala homa. Waligundulika kwa kipimo cha damu.

Kwa hiyo kwa figo usingoje maumivu ya kiuno. Pima mkojo. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita na ukusanye mkojo wa mchana na usiku, saa 24. Mtu mzima anayekunywa maji kama kawaida lazima aijaze na kuzidi, mara nyingi mara mbili au tatu yake. Asipoijaza, kuna tatizo la kwenda nalo hospitali siku hiyo, na akipitisha saa 12 bila kukojoa kabisa hata kupima hakuna haja, nenda. Angalia pia uso asubuhi, kope zikivimba, na miguu jioni: bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka tano, achia, shimo likibaki, kuna maji. Vinavyotaka gari usiku ni kushindwa kupumua akilala chali, moyo kudunda ovyo au mwili kulegea ghafla, kwa sababu potasiamu ikipanda figo zisipoitoa inaweza kuusimamisha moyo bila kuaga. Kwikwi isiyokoma, kutapika kila kitu na degedege viko hapohapo.

Ukitaka orodha ya ini inayoendana na hiyo, mbali na akili kuyumba, ni damu: ufizi unaotoka damu ukipiga mswaki, pua, madoa ya bluu bila kugongwa, kutapika damu, au choo cheusi kinachonata kama lami. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Yakitokea haya, au tumbo likajaa ghafla, ni dharura sawa na ile ya chumvi kwenye chai.

Karatasi uliyonisomea kwenye simu siku ya pili ilikuwa hivi. Bilirubini 186, wakati ya kawaida haizidi 20 hivi. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT 1,140, cha kawaida ni kama 40. INR 1.7. Kreatinini 212. Sukari 3.4. Malaria hakuna, homa ya ini B na C hakuna.

Wewe uliogopa ile 1,140 kwa sababu ni kubwa. Mimi niliuliza INR. ALT inatuambia chembe ngapi za ini zimepasuka. INR inatuambia zilizobaki zinafanya kazi kiasi gani, maana inapima muda wa damu kuganda na ya kawaida ni karibu na 1. Ikifika 1.5 kwenda juu, na mgonjwa amechanganyikiwa, na hakuwa na ugonjwa wa ini wa siku nyingi, madaktari huita hali hiyo kushindwa kwa ini kwa ghafla. ALT ikishuka huku INR inapanda msisherehekee. Huenda hakuna chembe zilizobaki za kupasuka. Ndiyo maana nilisisitiza muombe rufaa wakati mama bado anaongea. Hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo cha INR, na aliyepima mara moja anahitaji kupimwa tena na tena.

Na ile 3.4 ya sukari si jambo dogo. Ini ndilo ghala la sukari ya usiku. Likifa ghala, mtu anaweza kulala akiwa na sukari inayoshuka na watu wakadhani amechanganyikiwa na ini tu, kumbe ni njaa ya ubongo inayotibika kwa dripu. Kusini mwa Afrika kuna mzizi Wazulu wanauita *impila*, yaani afya. Umeua watu wengi KwaZulu-Natal, na huua hivyo: sukari inaanguka, ini linakufa, figo zinazima, vyote kwa pamoja. Jina lake ni afya, hebu fikiria.

Kuhusu homa za ini: vipimo hivyo havikufanywa kupoteza muda. Njano ina sababu nyingi, na mara nyingine mtu alianza kunywa mizizi kwa sababu alikuwa tayari anaumwa. Hakuna kipimo cha damu kinachosema "ni mizizi". Daktari huondoa malaria, homa ya ini A, B, C na E, mawe ya nyongo kwa kipimo cha picha, kisha anatazama kalenda. Sumu ya ini kutoka kwenye dawa mara nyingi hujitokeza kati ya siku chache na miezi mitatu tangu kuanza. Wiki tano za mama zinaingia humo. Chupa inaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ichunguzwe, na daktari ana njia ya kutoa taarifa kwa TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa, ila matibabu hayangoji majibu hayo.

Umeuliza umpe nini cha kusaidia ini. Hakuna. Najua inauma kukaa mikono mitupu, lakini hakuna juisi ya rozela, manjano, asali, maji ya dafu wala dawa nyingine ya kusafisha ini itakayoliokoa, na kila kitakachomezwa kitapita kwenye ini hilohilo kwanza, maana damu yote itokayo utumboni huanzia huko. Manjano yenyewe, ile ya mchuzi haina neno, lakini vidonge vya manjano vilivyokolezwa na pilipili manga vimeshaleta watu wodini Ulaya na Australia. Maji ya dafu nayo yana potasiamu nyingi, si ya mtu ambaye figo zake hazieleweki. Usimpe panado kwa kukisia dozi, usimpe diklofenaki wala brufeni. Usimtapishe. Dawa ya usingizi kwa sababu anazunguka usiku ni hatari kuliko zote, kwa sababu itamlaza na sisi hatutajua kama ni dawa au ni ini. Njiani, kama yuko macho na anameza vizuri, chai ya sukari inatosha. Kama anasinzia, asipewe kitu mdomoni, alazwe ubavu.

Hospitali nayo haina kinyume cha sumu hizi nyingi. Inafanya kazi ya kushikilia: sukari, maji, dawa ya kuondoa amonia kwa njia ya choo, kuzuia maambukizi, na mahali pengine asetilsisteini ya mshipa, ambayo husaidia baadhi ya wagonjwa ikianza mapema. Figo zikizima, mashine inaweza kusafisha damu wiki kadhaa mpaka ziamke. Ini halina mashine ya namna hiyo ya kutegemea. Kati ya watu ambao dawa imeumiza ini lao mpaka wakawa na njano, takriban mmoja kwa kumi hufa au huhitaji ini jingine. Tisa waliobaki wengi wao hupona, kwa sababu ini ni kiungo kinachoota upya.

Jana umeniandikia INR imeshuka mpaka 1.4, kreatinini 150, na mama amekuuliza nani analisha kuku. Hilo la kuku limenifurahisha kuliko namba. Macho yatachelewa, njano huondoka wiki kadhaa baada ya ini kuanza kupona, msishtuke. Mwasho pia. Awe anapimwa kila wiki mpaka namba zitulie, na kreatinini irudiwe baada ya miezi mitatu, maana figo zinaweza kubaki na kovu hata mtu akijisikia mzima. Dawa ile asiiguse tena maishani, hata kijiko. Mwili uliokwisha umizwa unaweza kuumizwa tena kwa siku chache badala ya wiki, na vibaya zaidi. Magoti tutayashughulikia baadaye kwa njia nyingine, na presha yake ipimwe vizuri kabla ya kupewa kidonge chochote cha maumivu.

Najua kuna msomaji atasema huyu daktari ana vita na tiba asili. Bibi yangu alichemsha majani ya mwarobaini na tuliyanywa tukiwa tumekunja sura. Lakini mti huohuo, mbegu zake zikikamuliwa mafuta na mtoto mchanga akanyweshwa, ni habari nyingine kabisa: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto waliotapika, wakapata degedege na kupoteza fahamu baada ya kunyweshwa mafuta hayo, na ini lililojaa mafuta. Kwa hiyo mtu akiniuliza "mwarobaini ni salama?" namuuliza sehemu gani, kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi. Chupa ya stendi haijibu hata swali moja kati ya hayo. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Dawa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya usajili wala orodha ya kilichomo, huna hata pa kuanzia kuuliza.

Nimemwacha mama mdogo mwisho, na yeye ndiye ninayemuwaza sasa. Kusema hana tatizo lolote maana yake ni kwamba hana njano. Mama naye wiki ya tatu hakuwa nayo. Mwambie aache leo hiihii, na kesho aende kupimwa ALT, bilirubini, kreatinini na mkojo, aende na historia ya dada yake, asidai amekuja kupima tu. Majibu yakiwa mazuri, arudie baada ya wiki mbili. Kama alikuwa akinywa kila siku kwa wiki kadhaa na baada ya kuacha akasikia kizunguzungu, kutapika au kulegea, asilale nalo nyumbani. Huenda ni ile deksamethasoni niliyoitaja. Mpigie wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe, na muulize vilevile yeye amempa nani.